Mahojiano au mtihani: Ni kipi kinachomtambua mfanyakazi bora?

Kila mara nafasi za kazi zinapotangazwa katika serikali ya kaunti, wakazi huuliza maswali mawili. La kwanza ni la kijana aliyeitwa mbele ya jopo, akajibu vizuri, lakini jina lake halikuonekana kwenye orodha ya mwisho. La pili ni la mfanyabiashara wa sokoni au mgonjwa wa zahanati anayeshangaa jinsi mtu fulani alivyopewa kazi ilhali haiwezi. Maswali haya yana mzizi mmoja, nao ni jinsi waajiri wanavyopima watu. Makala haya yanaeleza kile ambacho mahojiano huweza kupima, kile yanachoshindwa kupima, na sababu ya waombaji kuzidi kuombwa kufanya mtihani kabla ya kuketi mbele ya jopo.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka uteuzi katika utumishi wa umma ufanywe kwa ushindani wa haki na kwa kuzingatia ustahili. Katika kaunti, jukumu hilo limepewa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Sheria hiyo inaitaka Bodi itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, na iweke rekodi ya maombi yote yaliyopokelewa. Pia inaitaka izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti.

Sheria haisemi ustahili upimwe vipi. Haisemi jopo liulize maswali mangapi, wala mtihani uwe na alama ngapi. Hapo ndipo taaluma ya usimamizi wa wafanyakazi inapoingia, kwa sababu watafiti wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 100.

Kipimo kinachotabiri na kisichotabiri

Watafiti hufuata njia rahisi kueleza. Wanachukua alama ambazo watu walipata siku ya kuajiriwa, kisha wanasubiri mwaka mmoja au zaidi na kuangalia jinsi watu hao wanavyofanya kazi. Iwapo waliopata alama za juu ndio pia wanaofanya kazi vizuri, kipimo kinatabiri. Iwapo hakuna uhusiano, kipimo hicho hakina faida, hata kama kila mtu anakipenda. Uwezo huo wa kutabiri ndio wataalamu wanaouita uhalali wa kipimo. Huandikwa kwa namba kuanzia 0, yaani hakitabiri lolote, hadi 1, yaani hakikosei kamwe.

Mwaka 1998, Wamarekani Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 na kupanga vipimo kwa nguvu zake. Mitihani ya uwezo wa kufikiri ilikuwa karibu na kilele, ikiwa na 0.51. Kwa zaidi ya miaka 20, orodha yao ndiyo iliyofundishwa vyuoni. Kisha mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walichapisha uchunguzi mpya ulioonyesha kwamba nyingi za namba hizo zilikuwa zimekuzwa.

Sababu ya kukuzwa inafaa kueleweka. Mwajiri huona kazi ya wale aliowaajiri tu, hajui waliokataliwa wangefanya nini. Ni kama mtu anayetaka kujua iwapo urefu husaidia katika mpira wa kikapu lakini anawapima wachezaji wa timu ya taifa peke yao. Wote ni warefu, kwa hiyo urefu utaonekana kama hauna maana. Ili kurekebisha kasoro hiyo, watafiti waliotangulia walikuwa wakiongeza namba zao kwa hesabu maalumu. Sackett na wenzake walionyesha kwamba marekebisho hayo yalitumiwa hata pale yasipofaa.

Baada ya masahihisho, mpangilio ulibadilika. Kipimo kilichoongoza kilikuwa mahojiano yaliyopangwa, kikiwa na 0.42. Mtihani wa maarifa ya kazi husika ulifuata ukiwa na 0.40. Jaribio la kazi yenyewe, ambapo mwombaji hupewa kipande cha kazi akifanye, lilipata 0.33, na mtihani wa uwezo wa kufikiri 0.31. Mahojiano huria, yale ya "hebu tueleze kujihusu", yalipata 0.19. Miaka ya uzoefu, ambayo matangazo mengi ya kazi huisisitiza, ilipata 0.07 pekee.

Ili kuona maana ya namba hizi, fikiria waombaji wawili waliochaguliwa bila mpango maalumu. Ukitupa sarafu ili kuamua ni nani atakayekuwa mfanyakazi bora kati yao, utapatia mara 50 kati ya 100. Ukifuata alama za mahojiano huria, utapatia takriban mara 56. Ukifuata alama za mahojiano yaliyopangwa, utapatia takriban mara 64. Hakuna kipimo kinachofika 80 wala 90. Kwa hiyo hata Bodi inayofanya kazi yake kwa uadilifu mkubwa itamwacha mtu mzuri mara kwa mara. Hata hivyo, pengo kati ya 56 na 64 ni kubwa kwa mwajiri anayeajiri mamia ya watu.

Kwa nini mazungumzo ya kawaida hudanganya

Wengi huamini kwamba wakiketi na mtu kwa dakika 15 watamjua. Tukio moja lililotokea Marekani linaonyesha jinsi imani hiyo inavyoweza kupotosha. Mwaka 1979, shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Houston ilikuwa imekwisha kuwahoji waombaji wapatao 800, kuwapanga kwa nafasi na kuchukua wanafunzi 150 kutoka sehemu ya juu ya orodha. Kisha wabunge wa jimbo wakaamuru shule iongeze wanafunzi 50. Waliokuwa bado wanapatikana walikuwa wa mwisho mwisho, kati ya nafasi ya 700 na ya 800. Wakachukuliwa.

Shule ilifuatilia makundi yote mawili hadi mwisho wa masomo na mwaka wa kwanza wa mafunzo hospitalini. Watafiti hawakupata tofauti ya maana kati yao, iwe katika masomo, katika kuhudumia wagonjwa au katika idadi ya walioacha. Sehemu kubwa ya kilichokuwa kimewatenganisha kwenye orodha ilikuwa maoni ya wahojaji, na maoni hayo hayakutabiri lolote.

Tukio hilo lina mipaka yake. Wote 800 walikuwa wamechujwa tayari kwa alama za masomo, hivyo wote walikuwa na uwezo. Lakini hali hiyo ndiyo inayokabili jopo lolote la kaunti. Wanaofika kwenye mahojiano wamepita mchujo wa vyeti, kwa hiyo tofauti zilizobaki kati yao ni ndogo, nayo macho na masikio ya mhojaji hayazioni kwa urahisi.

Mahojiano huria huharibika kwa njia tatu. Kwanza, kila mwombaji huulizwa maswali tofauti, hivyo alama zao hazilinganishiki. Pili, mhojaji huunda maoni mapema kutokana na sauti, mavazi, shule aliyosoma mtu au lafudhi yake, kisha maswali yanayofuata hutumika kuthibitisha maoni hayo. Tatu, mwombaji mzungumzaji hupata alama za kazi ambayo haihitaji kuzungumza. Haya yote hutokea hata pale ambapo hakuna aliyepigiwa mtu simu. Na pale ambapo simu imepigwa, mahojiano huria ndiyo maficho bora, kwa kuwa hakuna rekodi ya kumlinganisha mtu na mwenzake.

Mfano: karani wa ushuru sokoni

Ili kuona jinsi kipimo kizuri kinavyojengwa, chukua kazi ambayo kila mkazi anaijua, ya karani wa ushuru wa soko. Mfano huu ni wa kueleza tu, haumhusu mtu yeyote wala tangazo lolote lililopita.

Hatua ya kwanza huja kabla ya tangazo. Mtu hutumwa sokoni kutazama kazi inavyofanywa na kuwauliza makarani wazoefu pamoja na wasimamizi wao ni mambo gani yanayomtofautisha karani mzuri na mbaya. Huu ndio uchambuzi wa kazi. Tuseme wanarudi na mambo matatu. Karani mzuri hajikanganyi katika hesabu. Anajua kumkabili mfanyabiashara aliyekasirika bila kupigana naye na bila kumwachia alichodaiwa. Na hufunga hesabu siku hiyo hiyo, hazilazi. Hakuna aliyetaja Kiingereza kizuri, wala shahada.

Hatua ya pili ni jaribio la kazi. Kila mwombaji hupewa karatasi ile ile na dakika 30. Karatasi inasema kwamba leo vibanda 46 vimelipa shilingi 50 kila kimoja, wauzaji 31 wa chini wamelipa shilingi 30 kila mmoja, na mikokoteni 11 imelipa shilingi 200 kila mmoja. Stakabadhi ya benki inaonyesha kwamba shilingi 5,340 zimewekwa. Je, hesabu inakubaliana? Kama haikubaliani, kosa liko wapi, na karani aandike nini kwa msimamizi wake?

Vibanda vinaleta shilingi 2,300, wauzaji wa chini 930 na mikokoteni 2,200. Jumla ni shilingi 5,430, kwa hiyo zimepungua shilingi 90. Mwombaji dhaifu atasema fedha zimeibwa. Mwombaji wa wastani atataja pengo la shilingi 90 na kuishia hapo. Mwombaji mzuri ataona kwamba 5,430 na 5,340 zina tarakimu zile zile, ila 4 na 3 zimebadilishana nafasi. Kila mwekahesabu anajua kwamba pengo linalogawanyika kwa 9 bila kubaki ni dalili ya kosa la aina hiyo. Ataandika kwamba fedha taslimu zihesabiwe upya na stakabadhi ikaguliwe kabla ya yeyote kushutumiwa. Swali hili moja linaonyesha mambo ambayo nusu saa ya mazungumzo isingeyaonyesha.

Hatua ya tatu ni mahojiano yaliyopangwa. Maswali huandikwa mapema kutokana na uchambuzi wa kazi, na kila mwombaji huulizwa yale yale, kwa mpangilio ule ule. Swali moja linaweza kuwa hili: "Mama mboga anakataa kulipa ushuru kwa sababu choo cha soko kimefungwa tangu jana. Wenzake 10 wamesimama wakisikiliza. Utafanya nini?"

Muhimu zaidi ni kwamba majibu nayo hupangiwa alama kabla ya siku yenyewe. Alama 1 ni kwa anayesema atawaita askari mara moja au atamwachia aende. Alama 3 ni kwa anayesema atamweleza sheria kwa upole na kudai malipo. Alama 5 ni kwa anayesema atamsikiliza, ataandika lalamiko lake mbele yake, atamweleza kwamba karani hana mamlaka ya kufuta ushuru, kisha atampigia msimamizi simu kuhusu choo siku hiyo hiyo. Kila mwanajopo huandika alama zake peke yake, akiwa kimya, kabla ya mjadala kuanza. La sivyo, mwenyekiti akisema "huyu ni mzuri", wengine watamfuata.

Iwapo wawili wametoa alama 4 na wa tatu ametoa 1, jopo halipaswi kukimbilia wastani. Linarudi kwenye maandishi na kuuliza ni maneno gani hasa mwombaji aliyoyasema. Mara nyingi itabainika kwamba mmoja hakusikia sehemu ya jibu, au kwamba aliyetoa alama 1 alikuwa akihukumu kitu kisicho kwenye mwongozo. Tofauti za aina hiyo zikijirudia kwa kila mwombaji, hiyo ni dalili kwamba mwongozo wenyewe haueleweki.

Kujumlisha alama

Tuseme waombaji wawili wamefika mwisho. Jaribio la kazi lina alama 50 na mahojiano alama 50, na uzito huo uliamuliwa kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa. Mwombaji wa kwanza ana shahada na anazungumza kwa kujiamini. Amepata 22 kwenye jaribio na 34 kwenye mahojiano, jumla 56. Wa pili ana cheti cha sekondari, ameuza duka la mjomba wake kwa miaka kadhaa na huzungumza kwa sauti ya chini. Amepata 43 kwenye jaribio na 31 kwenye mahojiano, jumla 74.

Hapa ndipo kishawishi kikubwa hujitokeza. Mwanajopo mmoja atasema, "Lakini mnaona wazi yule wa kwanza ana kitu." Utafiti una jibu kwa hilo pia. Mwaka 2013, Nathan Kuncel na wenzake walichunguza tafiti zilizolinganisha njia mbili za kufikia uamuzi kutokana na taarifa zile zile. Njia moja ilikuwa kujumlisha alama kwa kanuni iliyowekwa, na nyingine ilikuwa kuwaachia wataalamu wazipime kichwani. Katika kutabiri utendaji kazini, kanuni ilifanya vizuri zaidi kuliko wataalamu, hata pale wataalamu walipokuwa na taarifa zaidi kuhusu waombaji. Sababu ni kwamba binadamu hubadilisha uzito kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na kanuni haibadilishi. Kwa hiyo jopo likitaka kwenda kinyume na jumla ya alama, linapaswa kuandika sababu inayohusiana na kazi. "Ana kitu" si sababu.

Mtihani nao una kasoro zake

Isidhaniwe kwamba mtihani ni suluhisho la kila jambo. Mtihani unaweza kuvuja, na ukivuja haupimi tena uwezo bali unapima nani anamjua nani. Ndiyo maana karatasi nzuri huwa na matoleo zaidi ya moja, na waombaji wote wa nafasi moja huufanya kwa wakati mmoja. Mwajiri anaweza kushuku uvujaji akiona waombaji wengi wamekosea swali gumu kwa namna ile ile, au wamepata swali gumu na kukosa lililo rahisi.

Mtihani pia unaweza kupima kitu kisichohitajika. Karatasi ya dereva wa ambulensi iliyoandikwa kwa Kiingereza kizito itawachuja madereva wazuri na kuwaacha wasomaji wazuri. Jaribio la kazi nalo huwapendelea walioifanya kazi hiyo tayari, hivyo halifai kwa nafasi ambazo kaunti inakusudia kutoa mafunzo kwanza. Mwombaji mwenye ulemavu wa macho au wa mikono huhitaji muda zaidi au karatasi ya aina nyingine. Mitihani ya uwezo wa kufikiri huweza kuongeza pengo kati ya walisoma katika shule zenye vifaa na wale wa shule zisizo navyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoitumia peke yake.

Jambo moja halipimwi vizuri na mtihani wala na mahojiano, nalo ni uaminifu. Hakuna mwombaji atakayejibu kwamba ataiba. Hapo husaidia kukagua vyeti kwenye taasisi zilizovitoa, kudai cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, na kuwapigia simu waajiri wa zamani kwa maswali mahususi. Hata hayo huonyesha yaliyopita tu. Kinacholinda fedha za soko baada ya karani kuajiriwa ni risiti za mashine, fedha kupelekwa benki kila siku na ukaguzi wa kushtukiza.

Mwombaji afanye nini

Mwombaji anaweza kunufaika kwa kuelewa mambo haya. Asome majukumu ya kazi yaliyoandikwa kwenye tangazo, kwa kuwa maswali yaliyopangwa hutoka humo. Kwa kila jukumu, aandae mfano mmoja wa kweli, akieleza hali ilivyokuwa, alichofanya yeye mwenyewe na matokeo yake. Mwongozo wa alama hutafuta hatua zilizochukuliwa, na maneno kama "mimi ni mchapakazi" hayapati alama yoyote. Kama anahitaji usaidizi kwa sababu ya ulemavu, aseme mapema, siku anapopokea mwaliko.

Hakuna ada ya kuomba kazi, ya kufanya mtihani wala ya kuhojiwa. Anayedai pesa kwa jina la Bodi ni tapeli na aripotiwe polisi. Kuwashawishi wanajopo, moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, humwondoa mwombaji kwenye kinyang'anyiro.

Anayehisi kwamba hakutendewa haki aanze kwa kuiandikia Bodi, akitaja namba ya tangazo, tarehe ya mahojiano na jambo mahususi analolalamikia. Kwa mfano, aliulizwa maswali ambayo wengine hawakuulizwa, au hakupewa mtihani ambao wenzake walipewa. Malalamiko ya aina hiyo yanaweza kuchunguzwa kwa kutazama rekodi, tofauti na lalamiko la jumla kwamba "kulikuwa na upendeleo". Asiporidhika na uamuzi, Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 77, inamruhusu kukata rufaa kwa maandishi mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma, ikiwemo kuhusu jinsi uajiri na uchaguzi ulivyofanywa. Ahifadhi nakala ya ombi lake, mwaliko wa mahojiano na barua zote, kwani hizo ndizo zitakazosomwa kwanza.